Miradi Minne, Fedha za Mmoja: Namna ya Kuwauliza Waamini Wapange Vipaumbele

Parokia nyingi huanza mwaka wa maendeleo kwa dodoso. Karatasi husambazwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, waamini hutoa maoni yao, na Halmashauri ya Walei hukaa kuyasoma kabla ya kumshauri Paroko. Utaratibu huu una msingi katika Sheria ya Kanisa. Kanuni ya 212 inatambua haki ya waamini, na wakati mwingine hata wajibu wao, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mambo yanayohusu manufaa ya Kanisa. Hata hivyo, haki hiyo inaweza kupotea kimyakimya iwapo swali limeulizwa kwa namna isiyoruhusu maoni ya kweli kuonekana.

Namna iliyozoeleka ni jedwali la viwango. Upande wa kushoto huorodheshwa miradi, na juu huandikwa "muhimu sana", "muhimu", "muhimu kiasi" na "si muhimu". Mwamini huweka alama ya vema katika kila mstari. Jedwali hilo huonekana safi na ni rahisi kulijaza. Tatizo lake hujitokeza siku ya kuhesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Parokia ya vijijini ina miradi minne mbele yake: kuchimba kisima kirefu, kuezeka upya zahanati, kujenga darasa la chekechea, na kukamilisha ukumbi wa parokia. Fedha zilizopo zinatosha mradi mmoja tu. Kaya 60 zinajaza jedwali. Kisima kinapata "muhimu sana" kwa kaya 56, zahanati 55, chekechea 53 na ukumbi 52. Halmashauri inakaa na matokeo hayo mezani na haina la kusema. Tofauti kati ya mradi wa juu na wa chini ni kaya 4 tu kati ya 60, na tofauti ndogo kiasi hicho yaweza kuletwa na watu wachache waliojaza kwa haraka. Mwishoni uamuzi hufanywa na yule mwenye sauti kubwa katika kikao, huku dodoso likitajwa kama ushahidi kwamba "waamini waliulizwa".

Kwa nini jedwali hushindwa

Waamini hao hawakusema uongo. Kila mradi ni muhimu kweli, na jedwali liliwauliza kuhusu umuhimu wa kila mmoja ukiwa peke yake. Kusema "muhimu sana" mara nne hakumgharimu mtu chochote. Swali halikumkumbusha kwamba fedha zikienda kwenye ukumbi hazitakwenda kwenye kisima.

Mambo mengine mawili huongeza ugumu. La kwanza ni adabu. Mwamini anayehojiwa na mwenyekiti wa Jumuiya yake huona aibu kusema kwamba zahanati au chekechea "si muhimu", hivyo hupandisha kila kitu. La pili ni uchovu. Mistari ikifuatana, mkono huanza kuteremka katika safu ileile bila fikra. Dalili yake ni rahisi kuiona: chukua karatasi zilizojazwa, uhesabu ngapi zina alama zote katika safu moja. Zikiwa nyingi, jedwali halijapima vipaumbele.

Swali la kupanga

Dawa yake ni kuuliza kwa namna inayofanana na uamuzi wenyewe. Dodoso laweza kusema hivi: "Mwaka huu Parokia ina fedha za mradi mmoja tu. Kati ya miradi hii minne, ni upi ufanyike kwanza? Ni upi unaweza kusubiri kuliko yote? Kati ya miwili iliyobaki, ni upi utangulie?" Mwamini akishajibu maswali hayo matatu, miradi yote minne imekwisha kupangwa kuanzia wa kwanza hadi wa nne. Kuanza na ncha mbili humsaidia, kwa sababu watu hutambua upesi wanachokitaka zaidi na wanachoweza kukiacha, ilhali katikati huwapa kazi.

Maneno hayo ni bora kuliko agizo la "andika namba 1 hadi 4", kwa kuwa wapo wanaodhani 4 ni alama ya juu, kama katika mtihani, na kupanga kwao kukageuka juu chini bila mtu kujua. Ikiwa lazima namba zitumike, andika wazi kwamba 1 ni mradi wa kutangulia.

Kwa wasiosoma, tumia kadi nne zenye picha: bomba la maji, paa la zahanati, watoto darasani na ukumbi. Mhojiwa huzipanga mezani au mkekani, naye mhojaji huandika mpangilio aliouona. Kadi zichanganywe upya kwa kila mtu. Utafiti wa madodoso umeonyesha kwamba katika orodha iliyoandikwa chaguo la mwanzo huelekea kupendelewa, na katika orodha inayosomwa kwa sauti la mwisho hukumbukwa zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, karatasi zitolewe nakala zenye mpangilio tofauti wa miradi.

Tena, kila mmoja apange peke yake. Kazi hiyo ikifanywa hadharani katika mkutano wa Jumuiya, mtu wa kwanza kusema huwavuta wengine, na mwishowe mnapata maoni ya mtu mmoja yaliyorudiwa mara ishirini.

Kuhesabu bila kudanganyika

Turudi kwenye kaya zetu 60, safari hii zikiwa zimepanga. Matokeo yanagawanyika katika makundi matatu. Kaya 24, zote za kigango cha makao makuu ya parokia, zinaanza na ukumbi, kisha kisima, zahanati na chekechea. Kaya 20 za vigango vya mbali zinaanza na kisima, kisha zahanati, chekechea na ukumbi. Kaya 16, nazo za vigango vya mbali, zinaanza na zahanati, kisha kisima, chekechea na ukumbi.

Tukihesabu nafasi ya kwanza peke yake, ukumbi unashinda kwa kaya 24, kisima kina 20 na zahanati 16. Lakini tazama upande wa pili: kaya 36 zimeuweka huo ukumbi mwisho kabisa. Mradi unaoongoza ndio unaokataliwa na walio wengi. Ndiyo maana haitoshi kuuliza "chagua mradi mmoja", wala kupanga na kisha kusoma nafasi ya kwanza tu.

Njia nyepesi ya kusoma mpangilio wote ni kutoa alama 4 kwa nafasi ya kwanza, 3 kwa ya pili, 2 kwa ya tatu na 1 kwa ya nne, kisha kujumlisha. Kisima kinapata alama 200, zahanati 172, ukumbi 132 na chekechea 96. Kisima kimeongoza kwa sababu hakuna kaya iliyokiweka chini ya nafasi ya pili. Ukikilinganisha na ukumbi peke yake, kaya 36 zinakitanguliza kisima na 24 zinautanguliza ukumbi.

Hesabu hiyo ina kipimo chake cha usahihi. Kila karatasi iliyojazwa vema hutoa alama 10, kwa hiyo karatasi 60 lazima zitoe alama 600. Jumlisha 200, 172, 132 na 96, nawe utapata 600. Ikizidi au ikipungua, kuna karatasi iliyohesabiwa vibaya au iliyo na namba iliyorudiwa. Karatasi zenye kasoro ziwekwe kando, nayo idadi yake itajwe katika taarifa. Mhesabuji asizikamilishe kwa kukisia.

Mtindo huu si mgeni katika Kanisa. Nikolao wa Kusa, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, alipendekeza hesabu ya namna hiyo katika kitabu alichokiandika wakati wa Mtaguso wa Basel, mwaka 1433 na 1434, ili itumike kumchagua mfalme wa Dola Takatifu la Kirumi. Kila mpiga kura alipaswa kuwapanga wagombea wote kwa namba, kwa siri, na namba hizo zikajumlishwa. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Mfaransa Jean-Charles de Borda alieleza hesabu kama hiyo, nayo hujulikana hadi leo kwa jina lake.

Mipaka ya kuzingatia

Swali la kupanga lina mipaka yake. Kwanza, miradi isizidi mitano au sita. Orodha ikiwa ndefu, watu hupanga miwili ya juu na mmoja wa chini, na yaliyo katikati huwa bahati nasibu. Ikiwa mapendekezo ni kumi na mawili, hapo jedwali la viwango lina kazi yake halali: litumike kuyapunguza, kisha yaliyobaki yapangwe.

Pili, miradi iwe ya kimo kinacholingana na inayowezekana kweli. Kuweka kisima kirefu na ununuzi wa viti 20 katika orodha moja kunampa mwamini mizani isiyo sawa. Makadirio ya gharama yafanywe kabla ya kuuliza, na mradi usiowezekana uondolewe mapema.

Tatu, mpangilio hausemi umbali uliopo kati ya nafasi na nafasi. Kaya moja yaweza kuona kisima na zahanati karibu sawa, nyingine ikaona tofauti kubwa mno. Wala hausemi kama mradi wa kwanza unapendwa au ni afadhali tu kuliko mingine. Kwa hiyo ongezeni swali moja fupi: "Kwa nini umeutanguliza mradi huo?" Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama kisima kinatakiwa kwa sababu akina mama wanatembea mbali, au kwa sababu kilichopo kimeharibika na kingeweza kutengenezwa kwa gharama ndogo.

Nne, wengi si wote. Chekechea imekuwa ya mwisho kwa alama, lakini yawezekana kaya zenye watoto wadogo ni chache kati ya zilizohojiwa. Basi matokeo yagawanywe kwa kigango, kwa wanawake na wanaume, na kwa umri, kabla ya kutangazwa. Katika mfano wetu, mgawanyo wa vigango ndio uliofunua kwamba ukumbi ulidaiwa na wanaoishi karibu nao.

Kanuni ya 536 inasema Halmashauri ya kichungaji ya parokia ina kura ya ushauri tu. Uamuzi wabaki kwa Paroko. Naye anaweza kuwa na sababu ya haki ya kutanguliza mradi wa pili, kwa mfano iwapo paa la zahanati linakaribia kuwaangukia wagonjwa. Akifanya hivyo, kwa kuwa mpangilio wa waamini umeandikwa, ataeleza sababu yake mbele ya alama 200 na 172 ambazo kila mtu amezisikia zikisomwa Dominika baada ya Misa.