Kidole hakitozwi kodi

Mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha Nairobi, tuseme analipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, mashine imemkata kidole. Anakaa nyumbani wiki sita, na mwajiri anaendelea kumlipa mshahara wa ugonjwa. Baadaye daktari anakadiria kwamba ulemavu wake wa kudumu ni asilimia 10. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, hesabu ya ulemavu wa kudumu huanzia kwenye mapato ya miezi 96. Elfu thelathini mara 96 ni shilingi 2,880,000, na asilimia 10 yake ni 288,000.

Mshahara wa ugonjwa unaingia kwenye hesabu ya kodi kama mshahara mwingine wowote, kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya inautaja waziwazi pamoja na mishahara, marupurupu na malipo ya likizo. Zile 288,000 kwa kawaida anazipokea kamili. Hela zote mbili zimetokana na mashine ileile na ajali ileile, lakini moja inakatwa na nyingine haiguswi.

Kodi ya mapato haitozwi kwa kila shilingi inayoingia mfukoni. Sheria ina orodha ya aina za mapato: faida ya biashara, ajira, kodi ya nyumba, gawio, riba, pensheni na kadhalika. Kidole hakimo. Mtu hakuwa akikifanyia biashara, hakukiuza, wala hakutajirika kwa kukipoteza. Amelipwa ili angalau akaribie hali aliyokuwa nayo kabla ya ajali. Mwaka 1918 Mwanasheria Mkuu wa Marekani alitoa maoni yanayofanana na hayo, kwamba mwili wa binadamu ni kama mtaji, na malipo ya bima ya ajali ni marejesho ya mtaji uliopotea. Bunge la Marekani likaiweka kinga hiyo kwenye sheria ya kodi ya wakati huohuo.

Hoja hiyo ni nzuri, ila inafika nusu ya njia tu. Fidia ya jeraha kubwa huwa na sehemu mbili. Kuna ya maumivu na kiungo kilichopotea, ambayo kweli haifanani na mapato. Kisha kuna ya mishahara ambayo majeruhi angeipata siku za usoni kama asingeumia. Mishahara hiyo ingekatwa kodi mwezi kwa mwezi. Sasa ikilipwa yote kwa mkupuo, bila kodi, je, majeruhi hajapata zaidi ya alichopoteza?

Swali hilo lilifikishwa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, katika kesi ya Gourley dhidi ya shirika la umma lililoendesha reli, British Transport Commission. Gourley alikuwa mhandisi wa ujenzi mwenye kipato kikubwa, akaumia vibaya katika ajali ya treni. Hasara ya mapato yake, bila kuhesabu kodi, ilikadiriwa kuwa pauni 37,720. Lakini viwango vya kodi vya Uingereza kwa matajiri wakati ule vilikuwa vikali mno. Ukiondoa kodi ambayo angelipa, kilichokuwa kibaki mkononi mwake ni pauni 6,695 tu. Tofauti ya pauni 31,025 iwe ya nani?

Malodi walio wengi waliamua kwamba majeruhi alipwe 6,695 kwa upande huo wa mapato. Hoja yao ni kwamba fidia inapimwa kwa hasara halisi, na mtu hapotezi pesa ambayo isingemfikia. Mmoja wao, Lodi Keith, hakukubaliana nao.

Tazama pesa ilikokwenda. Hazina ya serikali haikupata zile 31,025, maana fidia yenyewe haitozwi kodi. Gourley hakuzipata. Zilibaki kwa aliyesababisha ajali. Kwa hiyo msamaha wa kodi unaodhaniwa kuwa ni huruma kwa majeruhi unaweza kugeuka punguzo kwa mkosaji au kampuni ya bima yake. Binafsi naona Malodi walikuwa sahihi kwenye hesabu, lakini haki inanisumbua. Mahakama Kuu ya Kanada nayo ilisumbuka: mwaka 1966, katika kesi ya Jennings, ilikataa njia ya Gourley ikasema mapato yaliyopotea yahesabiwe kabla ya kodi.

Kenya imeegemea upande wa Malodi. Soma hukumu nyingi za ajali za barabarani utaona jaji akianza na mshahara baada ya makato ya kisheria, kisha anauzidisha kwa miaka anayoona inafaa. Wakili anayepeleka mshahara kabla ya makato anajua atapunguziwa. Ndiyo maana si kweli kusema kwamba fidia hiyo haina kodi hata kidogo. Kodi imekwisha kupita humo ndani kimyakimya, kabla hundi haijaandikwa.

Bima ya maisha ina mantiki yake nyingine. Chukua mama aliyelipa ada ya shilingi 3,000 kila mwezi kwa miaka 12. Jumla ni 432,000. Anafariki, na watoto wanalipwa milioni mbili. Ukitazama kwa jicho la mkaguzi wa kodi, kuna ziada ya 1,568,000 ambayo hakuna aliyeitolea jasho. Mbona haitozwi?

Kwanza, ada zilitoka kwenye mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Kenya hutoa nafuu kidogo kwa ada hizo, asilimia 15 yake na isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa bado ni pesa iliyotozwa. Pili, ziada hiyo imetoka kwa wenye bima wenzake, nao walichangia kwa pesa iliyotozwa. Waliolipa ada za kinga ya kifo na muda ukaisha wakiwa hai hawarudishiwi kitu, na serikali haiwapi nafuu kwa hasara hiyo. Kuwatoza watoto wa marehemu huku ukiwaacha wale wengine bila nafuu kungekuwa kuitoza bahati mbaya peke yake.

Geuza upande wa ada, na jibu hubadilika. Kampuni ikikata bima ya maisha ya fundi wake mkuu ili ijikinge na hasara ya biashara akifariki, na ikaziandika ada kama gharama za kupunguza faida inayotozwa, basi kwa kawaida malipo yakija huhesabiwa kuwa mapato ya biashara. Huwezi kukwepa kodi mlangoni ukakwepa tena dirishani.

Kinga nayo haiifuati pesa kila inakokwenda. Watoto wakiziweka zile milioni mbili kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 10, mwisho wa mwaka riba ni 200,000, na benki itakata asilimia 15, yaani shilingi 30,000, iipeleke kwa Mamlaka ya Mapato. Msingi umekingwa, lakini mazao yake ni riba, na riba imo kwenye orodha.

Wanaojikwaa zaidi ni waliofukuzwa kazi isivyo halali. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mahakama kuwapa hadi mishahara ya miezi 12, na hukumu inaiita fidia. Wengi hupanga bajeti kwa kiasi kizima, kisha hundi inakuja pungufu wakadhani wakili kawala. Sheria hiyohiyo inasema malipo hayo yana makato ya kisheria, kwa kuwa kilichopotea hapo ni mshahara, na mshahara ungekatwa. Kabla ya kusaini makubaliano ya nje ya mahakama, basi, mwambie wakili aandike kila kiasi peke yake: hiki ni cha jeraha, hiki ni cha kuachishwa, hiki ni mshahara uliodaiwa. Kiasi kimoja kilichoandikwa tu kuwa ni fidia kinamwachia mwajiri uamuzi wa kukata, naye akiogopa faini atakata chote.