Barua ya Asha na Jibu Moja Tu

Juma anamwandikia Asha barua: nakuuzia pikipiki yangu kwa shilingi milioni 2, nijibu kwa posta. Barua inamfikia Asha Jumatatu. Jumanne anaposta barua ya kukubali. Jumatano Juma anaghairi, anaposta barua ya kuliondoa pendekezo lake. Alhamisi anapokea barua ya Asha. Ya kwake inamfikia Asha Ijumaa.

Mtungaji wa mtihani akishafika hapo huuliza haraka: "Mkataba ulikamilika lini?" Jibu lake ni Jumanne. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya Uingereza atakubali, kwani huko, tangu kesi ya Adams na Lindsell ya 1818, ukubali kwa posta hukamilika barua inapotumwa. Lakini Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 4, inagawa jambo hilo mara mbili: ukubali humfunga Juma barua inapotoka mikononi mwa Asha, na humfunga Asha barua inapomfikia Juma. Aliyechagua Alhamisi ana hoja, tena pengine ndiye aliyeisoma sheria vizuri zaidi. Swali hilo linamwadhibu.

Dawa si kubadili majibu, ni kunoa shina la swali: "Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, je, Juma aliweza kuliondoa pendekezo lake Jumatano?" Sasa sheria imetajwa, na anayeulizwa habari zake ni Juma peke yake. Funika majibu kwa karatasi. Mwanasheria akishindwa kujibu kwa kusoma shina tu, bado lina kasoro.

A. Ndiyo, kwa kuwa barua ya Asha ilikuwa haijamfikia.
B. Ndiyo, kwa kuwa Asha alikuwa hajalipa chochote.
C. Hapana, kwa kuwa Asha alikuwa ameshaposta ukubali.
D. Hapana, kwa kuwa pendekezo likipokewa haliondolewi.

Jibu ni C, kwa kifungu cha 5. Ndiyo ni mbili na Hapana ni mbili, na urefu unakaribiana. Hilo la urefu lina uzito: mtungaji akihofia kupingwa hulipamba jibu sahihi kwa masharti hadi linakuwa refu kuliko yote, na mwanafunzi mjanja hulichagua bila kujua sheria.

Vipotoshi navyo havikuokotwa. A ni kosa la anayechanganya kifungo cha Juma na cha Asha, B la anayedhani mkataba huanza pesa zikitoka, D la anayesahau kwamba pendekezo huondolewa wakati wowote kabla ya kukubaliwa. Kuweka "Ndiyo, kwa kuwa pikipiki ni ya Juma" kungejaza nafasi tu.

Baada ya mtihani, hesabu nani alichagua nini. Kipotoshi kisichochaguliwa na yeyote kibadilishwe. Lakini wanafunzi wanaoongoza darasa wakigawanyika kati ya C na A, usikimbilie kuwalaumu. Rudi kwanza kwenye shina, halafu kwenye kifungu chenyewe.