Cheti cha daktari kikifika nyumbani

Cheti cha matibabu huandikwa ili kisomwe na mtoa huduma mwingine, ndiyo maana kimejaa vifupisho. Cha mtoto wa miaka miwili aliyetibiwa malaria katika zahanati ya Tanzania kinaweza kusomeka hivi:

```
Dx: uncomplicated malaria, mRDT +ve, wt 12 kg
Rx: ALu 1 tab BD 3/7; syr PCM 7.5 ml QID PRN
TCA stat if danger signs
```

Kipimo cha haraka kimeonyesha malaria isiyo kali, na mtoto ana kilo 12. Atumie dawa mseto kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na dawa ya maji ya kushusha homa. Hiyo 3/7 ni siku tatu. Ingekuwa 3/52 ni wiki tatu, na 3/12 ni miezi mitatu.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini mama hawezi bado kuyafuata. Dozi ya pili ya mseto hutolewa baada ya kupita saa nane tangu ya kwanza, na zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili. BD haisemi hivyo. Basi mwandishi wa maelezo hupanga ratiba kwa saa za Kiswahili, kwa sababu 6:00 ya saa za Kizungu husomwa na wengi kuwa saa sita:

"Leo mtoto amemeza kidonge kimoja saa 4 asubuhi. Mpe kingine leo saa 12 jioni. Kesho na keshokutwa mpe kimoja saa 12 asubuhi na kimoja saa 12 jioni. Vyote ni sita. Vimalize hata akichangamka. Mpe baada ya kula, kunywa maziwa au kunyonya. Akitapika ndani ya saa moja, mpe kidonge kingine, kisha rudi kuchukua cha kufidia."

PRN nayo huhitaji maneno kamili: "Dawa ya homa mpe akiwa na joto tu, mililita 7.5 kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kijiko cha jikoni. Pitisha angalau saa sita kabla ya kurudia, na isizidi mara nne kwa siku."

Sehemu isiyopaswa kufupishwa kamwe ni dalili za hatari: degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, kulegea sana au kupoteza fahamu, kupumua kwa shida. Dalili moja tu inatosha kumrudisha mtoto kituoni saa hiyo hiyo, hata usiku. Homa ikiendelea baada ya siku tatu, arudishwe pia.

Mwandiko usiosomeka haukisiwi, aliyeandika huulizwa. Mwisho mama huombwa aeleze kwa maneno yake atakavyompa mtoto dawa jioni hiyo. Akikosea saa au idadi, karatasi ndiyo inayorekebishwa kabla hajaondoka.