Haidroksiurea: Dawa Inayoichelewesha Chembe ya Damu Kugeuka Mundu

Chembe nyekundu ya damu ya mgonjwa wa selimundu haitoki kwenye uboho ikiwa na umbo la mundu. Hutoka ikiwa ya mviringo na laini, nayo hupindika njiani baada ya kutoa oksijeni iliyobeba. Chanzo ni kosa dogo katika himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe hiyo. Molekuli moja ya himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa na miwili ya beta. Katika selimundu, asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta, ambayo ingepaswa kuwa asidi glutamiki, imebadilishwa na valini. Himoglobini yenye kosa hilo huitwa himoglobini S.

Himoglobini S ikiwa imeshika oksijeni, valini hiyo haina madhara. Ikishaiachia, molekuli hubadilika umbo na valini ya molekuli moja hupata pa kujishikiza kwenye molekuli jirani. Hiyo jirani nayo hushika nyingine, na hatimaye nyuzi ndefu na ngumu hujaa ndani ya chembe na kuivuta iwe mundu. Chembe ngumu hukwama kwenye mishipa midogo, tishu hukosa oksijeni, na mgonjwa hupatwa na shambulio la maumivu. Chembe hizo pia hupasuka mapema. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini ya mgonjwa wa selimundu mara nyingi haifiki hata siku 20. Ndiyo sababu upungufu wa damu humwandama mgonjwa muda wote.

Nyuzi hizo hazianzi papo hapo oksijeni inapotoka. Kwanza hupita muda mfupi ambapo molekuli hukusanyika kidogo kidogo bila chembe kupinda. Safari ya chembe ndani ya mshipa mwembamba kabisa, yaani kapilari, huchukua kama sekunde moja. Muda wa kukusanyika ukizidi safari hiyo, chembe huwahi kufika kwenye mshipa mpana na kurudi mapafuni ikiwa bado laini. Muda huo hutegemea sana ukolezi wa himoglobini S: ukolezi ukipungua kidogo tu, muda hurefuka mara kadhaa. Kwa hiyo si lazima himoglobini S yote iondolewe ili mgonjwa apate nafuu. Yatosha kuichelewesha.

Mwaka 1948, daktari Janet Watson wa Brooklyn, New York, aliona kuwa damu ya watoto wachanga wenye selimundu ilikuwa na chembe chache zinazopinda, na akahisi kuwa himoglobini ya kijusi ndiyo iliyowakinga. Himoglobini hiyo, iitwayo himoglobini F, ndiyo inayotengenezwa kwa wingi mtoto akiwa tumboni. Ina minyororo miwili ya alfa kama kawaida, lakini mahali pa beta pana minyororo ya gama, ambayo inatokana na jeni nyingine na haina kosa la selimundu. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa zaidi ya nusu ya himoglobini yake yote. Kisha jeni ya gama huzimwa taratibu na ya beta huchukua nafasi. Hii ndiyo sababu maumivu na uvimbe wa vidole vya mikono na miguu kwa kawaida huanza baada ya miezi ya kwanza, wala si siku ya kuzaliwa.

Himoglobini F huzuia nyuzi kwa njia mbili. Kwanza, ikiongezeka ndani ya chembe, himoglobini S hupungua ukolezi. Pili, mnyororo wa gama una umbo lisilokubali kuunganishwa kwenye uzi. Hata molekuli mchanganyiko, yenye beta moja ya S na gama moja, haiingii vizuri katika nyuzi. Watu wachache hurithi hali ya kuendelea kutengeneza himoglobini F katika chembe zao zote maisha yao yote. Wakiwa pia na jeni ya selimundu, lakini himoglobini F ikafika karibu asilimia 30, kwa kawaida hawapatwi na maumivu.

Jambo la kuangalia si wastani peke yake, bali pia mgawanyo. Himoglobini F haienei sawasawa: baadhi ya chembe huwa nayo nyingi na nyingine hukosa kabisa. Ili ilindwe vizuri, chembe huhitaji iwe na himoglobini F kiasi cha theluthi ya himoglobini yake. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na wastani uleule wa asilimia 15, mmoja akiwa na chembe nyingi zenye kinga ya kati, na mwingine akiwa na chache zilizojaa na nyingi zisizo na kinga. Wa pili ataumwa zaidi.

Haidroksiurea ni molekuli ndogo iliyotengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, na baadaye ikatumika kutibu aina fulani za saratani ya damu. Kazi yake ya msingi ni kukizuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA. Chembe inayotaka kugawanyika lazima kwanza inakili DNA yake, na ikikosa malighafi husimama. Zinazoguswa zaidi ni chembe zinazogawanyika haraka, zikiwamo zile za uboho zinazoelekea kuwa chembe nyekundu.

Dawa hii humezwa mara moja kwa siku na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa chache. Kwa hiyo uboho hubanwa kwa muda, kisha huachiwa, na kesho yake hubanwa tena. Katika vipindi vya kuachiwa hulazimika kufidia upungufu kwa haraka, na hapo huita chembe changa ambazo bado hazijapita hatua zote za ukuaji. Ni kama fundi aliyeelemewa na kazi ambaye huwaita wanagenzi kabla hawajahitimu. Chembe hizo changa bado zina uwezo wa kuiwasha jeni ya gama, hivyo chembe nyekundu zinazotokana nazo huwa na himoglobini F zaidi. Aidha, dawa ikivunjwa mwilini hutoa oksidi ya nitriki, ambayo huchochea ndani ya chembe za uboho ishara zinazoongeza utengenezaji wa gama.

Faida nyingine hufuatana na hiyo. Chembe nyekundu huwa kubwa zaidi na zenye maji zaidi, kwa hiyo himoglobini S iliyomo huzimuka. Chembe nyeupe, ambazo kwa wagonjwa wengi huwa nyingi kupita kiasi na hunata kwenye kuta za mishipa, hupungua. Chembe zenye himoglobini F huishi muda mrefu zaidi kuliko zile zisizo nayo, na kwa sababu hiyo sehemu yao katika damu huzidi kukua.

Mfano wa mtoto wa miaka minane mwenye uzito wa kilo 25 unaonyesha jinsi matibabu yanavyokwenda. Kabla ya dawa, himoglobini yake ni gramu 7.5 kwa desilita, himoglobini F ni asilimia 7, na ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu ni femtolita 82. Kipimo cha kuanzia mara nyingi ni miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku. Ishirini mara 25 ni miligramu 500, yaani kapsuli moja ya kawaida kila siku. Wiki za mwanzo hupimwa picha kamili ya damu mara kwa mara. Baada ya hapo, daktari anaweza kupandisha dozi kidogo kila baada ya wiki nane hivi, bila kuvuka miligramu 35 kwa kilo. Kwa mtoto huyu, kapsuli moja leo na mbili kesho hutoa wastani wa miligramu 750, sawa na 30 kwa kilo.

Alama inayomwongoza daktari ni neutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Hulengwa zishuke hadi kati ya 1,500 na 3,000 hivi kwa kila mikrolita ya damu, dalili kwamba uboho umeguswa vya kutosha lakini haujaumizwa. Zikishuka chini ya 1,000, au chembe sahani zikishuka chini ya 80,000, dawa husimamishwa hadi zipande tena, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, kisha hurudishwa kwa dozi ndogo zaidi. Baada ya miezi sita, mtoto wa mfano huu anaweza kuwa na himoglobini ya gramu 9, himoglobini F ya asilimia 20, na chembe zenye ukubwa wa femtolita 100.

Ukubwa huo wa chembe husaidia pia kujua kama dawa inamezwa. Usipopanda baada ya miezi kadhaa, jambo la kwanza la kuulizwa nyumbani ni dozi ngapi zimerukwa. Lakini mgonjwa aliyerithi pia thalasemia ya alfa, hali inayopatikana sana pwani ya Afrika Mashariki, huwa na chembe ndogo tangu mwanzo. Kwake hulinganishwa kipimo cha leo na cha kabla ya kuanza dawa, si na kiwango cha watu wengine.

Majaribio makubwa ya kwanza yalifanyika Marekani. Mwaka 1995 ilitangazwa kuwa, kati ya watu wazima 299, waliopewa haidroksiurea walipata mashambulio ya maumivu pungufu kwa asilimia 44 hivi, na mwaka 1998 dawa ikaidhinishwa nchini humo. Hofu ilibaki kuhusu Afrika, kwamba kupunguza chembe nyeupe kungewaacha watoto wazi kwa malaria na maambukizi. Utafiti wa REACH uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto 606 walioanza dawa katika vituo vya Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Himoglobini F ilipanda kutoka wastani wa asilimia 11 hivi hadi 23. Ikilinganishwa na kipindi cha kabla ya dawa, matukio ya maumivu na malaria yalipungua kwa zaidi ya nusu, mahitaji ya kuongezewa damu yakashuka hadi theluthi moja, na vifo navyo vikapungua.

Dawa hii ina mipaka yake. Haitulizi shambulio la maumivu lililokwisha kuanza, kwa sababu himoglobini F huchukua wiki hadi miezi kupanda. Haimlindi mtoto dhidi ya malaria, hivyo chandarua na dawa za kinga huendelea, na homa bado ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kutia weusi kwenye kucha, kuleta kichefuchefu, na kupunguza mbegu za kiume. Kwa kuwa huzuia unakili wa DNA, wanawake wanaoitumia hushauriwa kutumia uzazi wa mpango na kumweleza daktari kabla ya kutafuta ujauzito. Wapo pia wagonjwa wachache ambao himoglobini F yao hupanda kidogo tu hata wakimeza dozi kamili, na uamuzi huo haufanywi kabla ya angalau miezi sita. Jeni yenyewe hubaki vilevile. Mgonjwa akiacha dawa, uboho hurudia mwendo wake wa zamani, chembe zilizobeba himoglobini F huisha moja baada ya nyingine, na baada ya muda maumivu hurejea.