Nywele Zinapolitia Paji la Uso Giza
Mwaka 2003 Pérez, Gangnet na Blake walionyesha jinsi ya kubandika sura kwenye picha nyingine bila mshono kuonekana. Kompyuta haihamishi rangi zenyewe. Huhifadhi tofauti kati ya kila nukta na jirani yake, kisha hulazimisha ukingo wa kiraka ulingane na picha mpya. Mlinganyo wa Poisson hulisambaza pengo la ukingoni hadi ndani, taratibu.

Hapo ndipo rangi huvuja. Shavuni, ngozi yenye mwangaza wa 180 ikikutana na ngozi ya 170, pengo la 10 halisumbui. Ukingo ukiangukia nywele za 40, pengo ni 140: paji la uso huingia giza linalofifia kuelekea puani. Mimi hukipunguza kiraka kwanza, ukingo ubaki ngozini.