Barua ya mwalimu kuomba fedha za vifaa vya somo la sayansi

Barua hii ni barua rasmi: ina anwani, tarehe, kichwa kinachoanza kwa YAH: au KUH:, kiini na sahihi. Ugumu wake hauko katika umbo hilo, ambalo kila mwanafunzi amefundishwa, bali katika maneno machache yanayobeba fedha na dhamana.

La kwanza ni mpokeaji. Nchini Tanzania kiongozi wa shule ya msingi ni Mwalimu Mkuu, na wa sekondari ni Mkuu wa Shule. Nchini Kenya Mwalimu Mkuu hutumika kwa zote mbili. Mfasiri asiyejua shule ni ya ngazi gani atakosea tangu mstari wa anwani.

Chukua mfano wa mwalimu wa Darasa la Tano mwenye wanafunzi 48 na mada ya umeme. Akiwa na seti moja ya vifaa, atafanya jaribio mezani kwake na waliokaa nyuma hawataona kitu. Kwa hiyo amewagawa katika makundi manane ya wanafunzi sita sita, akaandika:

YAH: OMBI LA SH. 41,000/= KWA VIFAA VYA MADA YA UMEME

Naomba kuidhinishiwa shilingi elfu arobaini na moja tu (Sh. 41,000/=) kwa ununuzi wa vifaa vya kutengenezea sakiti sahili, somo litakaloanza Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025. Zinahitajika selikavu 20 za volti 1.5 kwa Sh. 20,000/=, glopu 12 za tochi za volti 2.5 kwa Sh. 6,000/=, vishikizo vinane vya glopu kwa Sh. 8,000/= na waya mita 10 kwa Sh. 7,000/=. Swichi zitatengenezwa na wanafunzi kwa vipande vya mbao na bati la makopo. Glopu, vishikizo na waya vitarejeshwa stoo. Selikavu hutumika na kuisha. Stakabadhi zitawasilishwa baada ya ununuzi.

Kitenzi “kuidhinishiwa” kimechaguliwa vizuri. Mwalimu Mkuu huidhinisha fedha, mwalimu huidhinishiwa. Anaweza pia kuandika “naomba uidhinishe”, ila si “naomba kuidhinisha”, kwa maana hapo mwombaji amejipa mamlaka ya mwenye kalamu. Kosa hili huonekana hata katika barua za watu wazoefu. “Ombi” nalo ni bora kuliko “maombi”, kwa kuwa linaloombwa ni jambo moja. “Maombi” humpeleka msomaji wengine kanisani.

Mtego mkubwa umo katika kiasi. “Elfu arobaini na moja” husomeka 41,000, lakini husomeka pia 40,001, yaani elfu arobaini, kisha moja. Katika mazungumzo muktadha hutatua, kwani hakuna anayeomba shilingi moja ya ziada. Tatizo huwa kubwa pale maana zote mbili zinapowezekana: “elfu arobaini na mia tano” ni 40,500 bila shaka, bali “elfu mia moja na hamsini” ni 150,000 kwa mmoja na 100,050 kwa mwingine. Ndiyo sababu tarakimu huandikwa kando ya maneno. Anayetaka maneno yenyewe yasiyumbe aanze na laki: “laki moja na elfu hamsini”.

Neno “tu” baada ya kiasi halimaanishi kwamba fedha ni chache. Hufunga hesabu ili asitokee mtu wa kuongeza neno mbele yake. Mfasiri asilitafsiri kana kwamba mwombaji anajidunisha.

Hesabu nayo ina lugha yake. Makundi manane yenye selikavu mbili mbili yanahitaji 16. Zilizobaki nne ni za akiba, kwa sababu kundi likiunganisha waya moja kwa moja bila kupitia glopu hutokea shoti, na selikavu huisha upesi huku waya ukipata joto. Glopu nne za akiba zina sababu kama hiyo: selikavu mbili kwa mfululizo hutoa volti 3, ambazo glopu ya volti 2.5 huzihimili, lakini mwanafunzi akiongeza ya tatu glopu huungua. Barua ingeboreka kwa sentensi moja ya kueleza akiba hizo. Mwalimu Mkuu anayejua kugawanya ataona 20 haitokani na nane, na asipoelezwa atakata nne. Siku ya somo kundi la kwanza kupata shoti litabaki likitazama wenzao.

Sentensi ya stoo haikuwekwa kwa adabu. Hutenganisha vifaa vitakavyoingizwa katika leja na vile ambavyo mwakani vitaombwa upya, na humzuia mkaguzi kuuliza selikavu ziko wapi.

Fomula “husika na kichwa cha habari hapo juu” imeachwa, na barua haikupungukiwa na chochote.