Malipo ya awali si mapato

Tuchukue mfano wa kampuni ya Dar es Salaam iliyoingia mkataba na Saccos wa kuitengenezea mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu za wanachama. Kazi imeanza Oktoba na itachukua miezi 10. Bei ni shilingi milioni 60, na nusu imelipwa siku ya kusaini. Desemba 31 mwaka wa hesabu unafungwa, na mkurugenzi anataka milioni 30 zilizoko benki ziandikwe zote kuwa mapato.

Haiwezekani. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinafuata kazi aliyokwishapewa mteja, wala hakifuati siku fedha zilipoingia. Fedha zilizotangulia kazi ni deni: Saccos inadai huduma.

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, mhasibu aurudie mkataba. Mfumo ukijengwa hatua kwa hatua ndani ya mitambo ya Saccos yenyewe, mteja anaumiliki kadiri unavyokua, hivyo mapato huandikwa kidogo kidogo. Ukijengwa ofisini kwa kampuni, lazima mambo mawili yawepo: mfumo usiweze kuuzwa kwa mwingine, na kampuni iwe na haki ya kulipwa kazi iliyokwisha fanyika hata mteja akivunja mkataba bila kosa la kampuni. Haki hiyo ikikosekana, mapato yote husubiri siku ya makabidhiano. Kifungu hicho kimoja chaweza kubadili hesabu za mwaka mzima, na kwa maoni yangu kijadiliwe kabla ya kusaini.

Tuseme mapato yanaruhusiwa kuandikwa kadiri kazi inavyosonga. Kazi nzima imekadiriwa kugharimu milioni 40. Hadi Desemba zimetumika milioni 12, lakini milioni 2 kati ya hizo zililipia kurudia sehemu ambayo mafundi waliikosea. Hizo huingia kwenye matumizi, ila hazipimi maendeleo, kwa kuwa hazikumpa mteja chochote. Zinabaki milioni 10, yaani robo ya makadirio. Mapato ya mwaka ni robo ya bei, milioni 15. Milioni 15 nyingine zinabaki kuwa deni.

Upotoshaji hujificha kwenye makadirio hayo. Ukiyashusha, kazi huonekana imefika mbali na mapato hupanda bila mtu kugusa kompyuta. Dalili yake ni hesabu kusema nusu ya kazi imekwisha ilhali msimamizi wa mradi bado anajadiliana na mteja juu ya michoro ya mwanzo. Mkaguzi makini humwendea msimamizi huyo kwanza.

Makadirio yakibadilika kwa haki, hesabu hurekebishwa papo hapo. Tuseme Machi gharama nzima inaonekana itafika milioni 50, na milioni 30 zinazopima maendeleo zimetumika. Kazi imefika asilimia 60, sawa na mapato ya milioni 36 tangu mwanzo. Milioni 15 ziliandikwa Desemba, kwa hiyo mwaka mpya unaandika milioni 21, na hesabu za mwaka uliofungwa haziguswi.